Fakture ya kukadiria na fakture ya kusomwa: faranga 55,000 zinapojificha

Fakture mbili za maji zinaweza kufanana kwa kila kitu: karatasi ileile, jina lilelile, jumla karibu sawa. Moja imetoka kwenye namba ambayo mtu alikuja kuisoma kwenye kontere yako, nyingine imetoka kwenye hesabu iliyofanyika ofisini bila mtu kufungua geti la parseli. Wengi huzilipa zote kwa namna moja, kwa kuwa wameambiwa kwamba kosa la makadirio litajirekebisha lenyewe kontere itakaposomwa. Kwa meta kibu ni kweli, hujirekebisha. Kwa faranga si kweli, na hapo ndipo mtu anapaswa kuchagua: alipe makadirio na kungoja, au apeleke namba yake mwenyewe kabla kosa halijakua.

Tuchukue parseli moja ya Katuba, Lubumbashi, yenye kontere moja ya maji na familia tatu zinazogawana fakture. Ni mfano wa hesabu tu, na bei nitakazotumia ni za mfano pia, nimezichagua ziwe nyepesi kichwani. Wewe weka bei zilizo kwenye fakture yako. Njia ya kuhesabu haibadiliki.

Kujua ipi ni ipi

Kila fakture yenye kontere ina namba mbili, indeksi ya zamani na indeksi mpya, na tofauti yao ndiyo matumizi ya mwezi. Fakture ya kusomwa ina indeksi mpya iliyotoka kwenye kontere. Fakture ya kukadiria ina indeksi mpya iliyopatikana kwa kuchukua ile ya zamani na kuongeza wastani fulani, kwa kawaida wastani wa miezi iliyopita.

Pengine karatasi inasema wazi kwamba ni makadirio, pengine alama yenyewe ni ndogo na huioni. Usiitegemee. Beba fakture mpaka kwenye kontere. Soma tarakimu nyeusi tu, maana ndizo meta kibu nzima. Nyekundu ni sehemu za meta kibu, yaani lita. Kontere ikionyesha leo namba ndogo kuliko indeksi mpya ya fakture, umemaliza uchunguzi: kontere nzima hairudi nyuma, kwa hiyo namba ile ya karatasi haikusomwa hapo, au ilisomwa vibaya. Ikionyesha namba kubwa zaidi, hesabu siku zilizopita tangu tarehe ya usomaji. Siku kumi haziwezi kula meta kibu sitini kwa familia tatu isipokuwa bomba limepasuka.

Dalili nyingine ni matumizi yasiyotikisika. Mwezi wa pili 20, wa tatu 20, wa nne 20. Watu hawanywi maji hivyo. Hapa Lubumbashi kuna miezi ya mvua ambapo ndoo na mapipa yanajaa kutoka kwenye bati, na kuna kiangazi ambapo bustani ya mboga inamwagiliwa jioni na vumbi linafanya nguo zifuliwe mara mbili. Makadirio yaliyojengwa juu ya miezi ya mvua yatakuwa madogo wakati wa kiangazi, na kinyume chake. Huna haja ya kumshuku mtu. Wastani hauoni majira, wala hauoni kwamba maji hayakutoka wiki mbili.

Makadirio yakiwa chini

Katika parseli yetu, tarehe 31 ya mwezi wa kwanza kontere ilisomwa kweli: 1240. Baada ya hapo geti lilikutwa limefungwa, au kioo cha kontere kilikuwa na ukungu hakisomeki, au kifuniko kilikuwa chini ya rundo la mchanga wa kujengea. Miezi minne fakture zilikadiriwa kwa meta kibu 20 kila moja, indeksi za karatasi zikawa 1260, 1280, 1300 na 1320. Mwisho wa mwezi wa sita mtu akasoma tena: 1415.

Matumizi ya kweli kwa miezi mitano ni 1415 kutoa 1240, yaani meta kibu 175. Tuseme yamegawanyika sawasawa, 35 kwa mwezi. Makadirio yalikuwa 20, kwa hiyo kila mwezi meta kibu 15 zilibaki bila kulipiwa, jumla 60 kwa miezi minne.

Sasa tazama fakture ya mwezi wa sita. Wengi hutafuta mstari ulioandikwa "rekebisho" na hawauoni, wakadhani hakuna. Mara nyingi hauhitajiki, kwa sababu rekebisho limo ndani ya matumizi yenyewe. Indeksi ya zamani ni 1320, ile ya kukadiria. Indeksi mpya ni 1415, ya kweli. Matumizi ni 95. Ndani ya hizo 95 kuna 35 za mwezi wa sita na 60 za miezi minne ya nyuma, lakini karatasi inazionyesha zote kama maji ya siku thelathini.

Kama bei ingekuwa moja kwa kila meta kibu, jambo lingeishia hapo: ungelipa leo ambacho hukulipa jana, na uchungu ungekuwa wa mfuko tu. Lakini bei ya maji ya nyumbani ikipangwa kwa ngazi, zile zinazoitwa tranchi, maji ya mwanzo ni rahisi na yanayofuata ni ghali zaidi. Tuweke ngazi za mfano: meta kibu 20 za kwanza faranga 1,000 kila moja, kuanzia 21 hadi 40 faranga 1,500, zaidi ya 40 faranga 2,500.

Mwezi wa kweli wa meta kibu 35 ungegharimu 20,000 kwa ngazi ya kwanza na 22,500 kwa 15 za ngazi ya pili, jumla 42,500. Miezi mitano ni 212,500. Tayari zimelipwa 80,000 za makadirio, kwa hiyo deni la haki mwezi wa sita ni 132,500.

Fakture iliyolundika 95 kwa mwezi mmoja inasema hivi: 20 za kwanza ni 20,000, 20 zinazofuata ni 30,000, 55 zilizobaki zinaangukia ngazi ya tatu, 137,500. Jumla 187,500.

Tofauti ni faranga 55,000. Familia hizi hazikugusa ngazi ya tatu hata mwezi mmoja, matumizi yao hayakupita 35, lakini zimelipa 55 kwa bei ya mtu mwenye bwawa la kuogelea. Hakuna aliyesoma vibaya, na kutoa na kujumlisha ni sahihi kabisa. Kosa limo katika kuviweka vipimo vya miezi mitano kwenye ngazi za mwezi mmoja.

Rekebisho lililofanywa sawasawa hugawanya meta kibu 175 kwa miezi 5 kwanza, kisha hupandisha kila mwezi kwenye ngazi zake, kisha hutoa kilicholipwa. Au, ukitaka kwa mkato: zile 60 za nyuma zote ni za ngazi ya pili, kwa hiyo ni 90,000, ongeza 42,500 za mwezi wenyewe, unapata 132,500. Hiyo ndiyo hesabu ya kuandika kwenye karatasi yako ya malalamiko, mistari mitatu tu.

Makadirio yakiwa juu

Watu huona huku ndiko kwenye hasara na kule chini ni zawadi. Tumeona zawadi yenyewe. Sasa tugeuze: matumizi ya kweli ni 20 kwa mwezi, makadirio ni 35, kwa sababu familia moja ilihama na wastani bado unawahesabu.

Kwa miezi minne zimelipwa 42,500 mara nne, yaani 170,000, wakati haki ilikuwa 80,000. Zimezidi 90,000. Indeksi ya karatasi imefika 1380. Mwisho wa mwezi wa sita kontere inasomwa: 1340. Indeksi mpya ni ndogo kuliko ya zamani, na hapo mambo matatu yanaweza kutokea.

La kwanza ni la haki: fakture za makadirio zinafutwa, zinahesabiwa upya, na 90,000 zinaonekana kama mkopo wako, zinatolewa 20,000 za mwezi wa sita, unabaki na 70,000 mbele.

La pili ndilo linaloonekana la haki bila kuwa hivyo. Matumizi yanaandikwa sifuri, na yanaendelea kuwa sifuri mpaka kontere iifikie 1380. Mwezi wa sita sifuri, wa saba sifuri, wa nane kontere inafika 1380 sawasawa, sifuri. Mwezi wa tisa malipo yanarudi kama kawaida. Umepata miezi mitatu ya bure, furaha tele. Lakini miezi hiyo mitatu ingekugharimu 20,000 kila mmoja, jumla 60,000, na wewe ulizidisha 90,000. Ulilipa meta kibu 60 kwa bei ya ngazi ya pili, ukarudishiwa meta kibu 60 kwa bei ya ngazi ya kwanza. Faranga 30,000 zimebaki njiani.

La tatu ni la nadra ila linatisha. Kontere yenye tarakimu tano nyeusi ikifika 99999 huanza tena sifuri. Programu ya hesabu ikiona indeksi mpya ndogo kuliko ya zamani inaweza kudhani kontere imezunguka yote, ikaandika matumizi ya meta kibu 99,960. Ukiona namba ya aina hiyo usihangaike kutafuta bomba lililopasuka. Toa 1380 kwa 100,000, ongeza 1340, utaikuta namba hiyohiyo, nawe utajua ilikotoka.

Kwa kulinganisha kwa jicho moja:

| | Kusomwa kila mwezi | Kukadiriwa chini (20 badala ya 35) | Kukadiriwa juu (35 badala ya 20) |
|---|---|---|---|
| Fakture za miezi minne | hupanda na kushuka | ndogo, zinafanana | kubwa, zinafanana |
| Fakture ya rekebisho | haipo | moja kubwa ghafla | sifuri kadhaa, au mkopo |
| Hasara ya ngazi za bei katika mfano huu | hakuna | faranga 55,000 | faranga 30,000 |
| Namna ya kuigundua | karatasi na kontere zinaendana | kontere iko mbele sana | kontere iko nyuma ya karatasi |

Ona kwamba pande zote mbili mlipaji ndiye anayepoteza. Kwa hiyo anayeniambia "makadirio yao ni madogo, tunyamaze" simuungi mkono, isipokuwa bei yake ni moja isiyo na ngazi na anaweka fedha pembeni kila mwezi. Wa namna hiyo ni wachache.

Mwezi baada ya rekebisho

Hapa watu hulegea, wameshalipa au wameshalalamika, wanaona yameisha. Lakini ile 95 imeingia kwenye historia yako. Mwezi wa saba geti likifungwa tena na makadirio yakachukua wastani wa fakture tatu za mwisho, ni 20, 20 na 95, gawanya kwa tatu: 45. Matumizi yenu ni 35. Mmetoka kukadiriwa chini, mmeingia kukadiriwa juu, na ndani ya 45 kuna 5 za ngazi ya tatu. Kwa hiyo unapoomba rekebisho ligawanywe kwa miezi, omba pia kwamba wastani wa mbele uwe 35. Ni sentensi moja ya kuongeza kwenye barua.

Usichanganye rekebisho na deni la nyuma pia. Deni la nyuma ni fakture iliyotoka ukaacha kuilipa, nayo huja kwa mstari wake. Rekebisho ni maji ambayo hayakuwa yametolewa fakture. Anayekataa kulipa fakture ya kukadiria yote kwa hasira hupata vyote viwili kwa pamoja mwezi wa sita, na kukatiwa maji juu yake. Ukibishana, lipa sehemu usiyobishania na uandike ni ipi. Katika mfano wetu ungelipa 132,500 na kubishania 55,000 tu.

Kupeleka namba yako mwenyewe

Makadirio ya mwezi mmoja yanayokaribia desturi ya nyumba hayastahili nauli ya kwenda ajansi. Mwezi wa pili mfululizo, nenda, kwa sababu kosa bado ni dogo. Jaribu kwa namba zetu: baada ya mwezi mmoja tu wa makadirio, fakture inayofuata ingekuwa 50, na 10 pekee zingeingia ngazi ya tatu, hasara faranga 10,000. Baada ya miezi minne ni 55,000. Zinazozidi 40 zote zinalipwa bei ya juu, ndiyo maana kungoja ni ghali.

Piga picha inayoonyesha vitu viwili pamoja: tarakimu za indeksi na namba ya kontere iliyochongwa kwenye kiwiliwili au kwenye kioo. Picha ya indeksi bila namba ya kontere inaweza kuwa ya jirani, na atakayeipokea anajua hilo. Kioo kikiwa na ukungu, kifute, simama ili kivuli chako kifunike jua, upige bila mwanga wa simu maana unang'aa kwenye kioo. Tarakimu ya mwisho nyeusi ikiwa katikati ya namba mbili, andika iliyo ndogo, ila kati ya 9 na 0 andika 9.

Kwenye barua weka namba ya mteja, namba ya kontere, tarehe ya kusoma, tarakimu nyeusi, na indeksi iliyo kwenye fakture ili tofauti ionekane. Peleka nakala mbili, moja irudi nyumbani ikiwa na muhuri na tarehe. Kosa linaloharibu barua nyingi ni kuandika tarakimu zote, nyeusi na nyekundu, kana kwamba ni namba moja: 01415 na 372 ikawa 1415372. Barua ya namna hiyo huwekwa pembeni, na ni haki yake.

Kabla ya kwenda, hakikisha kontere inahesabu maji yenu na si uvujaji. Funga robine zote usiku, soma hata nyekundu saa nne, soma tena saa kumi na moja alfajiri kabla mtu hajaamka. Ikisogea bila maji kutumika, kuna mahali panavuja. Lita moja kwa dakika, ambayo ni uzi mwembamba tu kwenye tangi la choo, ni meta kibu 43 kwa siku 30. Hapo hakuna rekebisho la fakture litakalokusaidia kabla ya fundi bomba. Na pale maji yanapokatika na kurudi, hewa inayosukumwa mbele ya maji huzungusha kontere pia, kwa hiyo funga robine za ndani maji yanapokatika. Robine iliyoachwa wazi inapitisha hewa hiyo yote.

Mpangaji anayehama

Kwenye parseli ya familia tatu, rekebisho linakuja wakati aliyeyanywa maji ameshaondoka. Tuseme familia moja ilihama mwisho wa mwezi wa nne. Karatasi ilisema 1300, ikalipa theluthi yake, ikaaga vizuri. Kontere siku hiyo ilikuwa 1345. Meta kibu 45 hazikuwa zimelipwa, kwa bei ya ngazi ya pili ni 67,500, fungu lake ni 22,500. Mwezi wa sita mpangaji mpya aliyekaa miezi miwili anakuta fungu hilo limemwangukia, na ugomvi wa parseli unaanza.

Dawa yake ni kusoma kontere siku ya kuhama, mbele ya mwenye parseli na wapangaji waliobaki, na kuandika indeksi kwenye daftari moja na sahihi. Garanti irudishwe baada ya kutoa fungu la tofauti kati ya kontere na karatasi. Kama tofauti inaelekea upande wa pili, kontere ikiwa nyuma ya karatasi, basi anayehama ndiye anayedai, na mwenye parseli amlipe kutoka kwenye mfuko wa maji. Wengi husahau upande huo wa pili.

Wasio na kontere, na wa kulipia mbele

Anayelipa kwa forfe, bila kontere yoyote, hana makadirio kwa maana tunayozungumzia. Kiasi chake hakingoji kusomwa, kwa hiyo hakuna rekebisho litakalomjia baadaye, wala hana cha kudai akitumia kidogo. Akifungiwa kontere, aone indeksi ya kuanzia imeandikwa siku hiyohiyo. Kontere mpya si lazima ianze sifuri kamili, na asipoiandika, fakture ya kwanza inaweza kuanzia popote. Kontere ya zamani ikibadilishwa ni namba mbili za kuandika, ya mwisho ya ile inayoondoka na ya kwanza ya ile inayoingia, pamoja na picha ya ile ya zamani kabla haijabebwa.

Kwenye umeme wa kulipia mbele, kashpawa, kontere inahesabu ulichonunua na makadirio hayana nafasi. Lakini aliyehamia huko kutoka kontere ya zamani anaweza kuwa na rekebisho la mwisho lililogeuzwa deni, nalo linaweza kukatwa kidogo kidogo kila anaponunua. Dalili yake ni risiti: fedha ulizotoa ni zilezile, kilowati-saa zimepungua. Omba waoneshe deni hilo limetokana na indeksi gani mpaka indeksi gani, kwa miezi mingapi, kisha lipitishe kwenye hesabu ileile ya kugawanya kwa miezi kabla ya kupandisha ngazi.